Laki Sita na Sabini ni Shilingi Ngapi?

Soma kwanza ujumbe huu. Ulitumwa kwa baruapepe na muuza mbao mmoja wa kwetu Mgololo kwenda kwa kikundi cha wanafunzi waliokuwa wanachanga hela za madawati ya shule ya msingi. Majina nimeyaondoa, na bei nimezizungusha kidogo ili hesabu isitusumbue, kwa hiyo usiende nazo sokoni.

"Habari za masomo vijana. Mbao zipo. 2x4 ni elfu sita na mia tano, 1x8 elfu saba. Kwa 60 na 40 jumla laki sita na sabini na usafiri themanini. Tangulizeni nusu na ya kutolea."

Ukiusoma haraka kwenye simu unaona uko sawa kabisa. Mzee kaandika kama anavyoongea, na kwa sauti mbele ya rundo la mbao kila mtu angemwelewa. Shida ni kwamba kikundi kile kilikuwa na watu watatu wanaogusa hela, na kila mmoja alisoma kivyake. Wa kwanza alielewa kwamba laki sita na sabini ni mbao pamoja na usafiri, yaani zile themanini zimo humo humo, basi nusu ni 335,000. Wa pili akaelewa kwamba usafiri unaongezwa juu, jumla ni 750,000, nusu ni 375,000. Wa tatu akasema nusu ni ya mbao tu, 335,000, na usafiri analipwa dereva mzigo ukifika.

Angalia hapo. Wa kwanza na wa tatu wanatuma kiasi kilekile, na muuzaji akipokea 335,000 hawezi kujua ni yupi kati yao aliyemwelewa. Tofauti itajitokeza siku gari linashusha: mmoja amebakiza 335,000 mfukoni, na dereva anadai 415,000. Elfu themanini inayopungua siku hiyo lazima mtu aitoe, na hela ya mchango ndiyo hivyo tena, imeshakusanywa na kufungwa.

Nataka tuuchukue ujumbe huu mmoja na kuufungua, kwa sababu karibu kila mtego wa kuandika hela kwa baruapepe umo ndani yake.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Sisi tunaosomea ualimu tunaijua tabu hii tangu mazoezi ya kufundisha: mwambie mtoto aandike kwa tarakimu "elfu kumi na tano". Mmoja ataandika 15,000, mwingine 10,005, na ukitaka kuwa mkweli wote wawili wana haki. Kiswahili kinaweka neno elfu mbele ya idadi yake. Kwa hiyo "na tano" inaweza kuwa sehemu ya hizo elfu (elfu ngapi? kumi na tano), au inaweza kuwa kitu kinachoongezwa baada ya elfu kumi kwisha. Ukisema kwa mdomo, kituo kidogo cha pumzi kinaamua: "elfu kumi, na tano". Ukiandika, pumzi haipo. Mkato unaweza kuishika nafasi yake, lakini nani anaweka mkato kwenye baruapepe anayoiandika akiwa kwenye daladala?

Kwa bei za mbao tunaokolewa na akili ya kawaida, maana hakuna anayeuza kitu kwa shilingi 10,005. Lakini akili hiyo haisaidii kwenye idadi ya vitu. Miche elfu mia moja na hamsini ni 150,000 au 100,050? Zote ni idadi za kweli kwenye kitalu cha miti. Wala haisaidii pale kodi au kubadilisha fedha kunapozaa kiasi kisicho duara.

Kinachoumiza zaidi ni mazoea yetu ya kuliacha neno elfu kabisa baada ya laki na milioni. "Laki sita na sabini" maana yake kwa neno moja moja ni 600,070, lakini kila mtu anasikia 670,000, kwa sababu tunajua kuna elfu iliyomezwa. Sawa. Sasa niambie "laki mbili na tano". Wapo wanaosikia 205,000, kwa kanuni ileile ya kumeza elfu. Wapo wanaosikia 250,000, kwa sababu wanachukulia tano ni sehemu ya laki, kama mtu anayesoma 2.5. Hapa akili ya kawaida imeishiwa, kwa kuwa kiasi chote kiwili ni bei ya kawaida ya kitu cha kawaida. Au "milioni mbili na hamsini": kwa wengi ni 2,050,000, lakini siku ya kikao utamkuta mtu kaandika 2,500,000 kwenye daftari na anakuapia kwamba ndivyo alivyosikia.

Dawa yake ni ndogo sana. Ukiandika kiasi kwa maneno, usimeze elfu. Andika "laki sita na elfu sabini", "laki mbili na elfu tano", "milioni mbili na elfu hamsini". Na pale ambapo elfu inabeba idadi yenye "na" ndani yake, tanguliza tarakimu. 15,000 haina utata wowote. Maneno yanakuja nyuma yake kama mlinzi tu. Lugha ya mtaani ya buku, jero na msimbazi iache WhatsApp kwa washkaji. Haina utata kwa anayeijua, lakini baruapepe ya hela huwa inasambazwa kwa watu ambao hukuwafikiria, na mhasibu wa miaka hamsini na tano si lazima ajue jero.

Utajiuliza kwa nini tuandike maneno kabisa kama tarakimu zinatosha. Sababu ni kwamba tarakimu nayo ina udhaifu wake: sifuri moja ikidondoka, 670,000 inakuwa 67,000 na bado inaonekana ni namba halali. Maneno hayadondoshi sifuri. Ndiyo maana hundi inaandikwa mara mbili. Sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza ziliifuata, inasema maneno na tarakimu vikipingana basi kiasi cha kulipwa ni kile cha maneno. Sasa fikiria kanuni hiyo ikikutana na "elfu kumi na tano". Kwa Kiswahili, maneno yanashinda pale tu yalipoandikwa kwa ukamilifu.

Sasa tuje kwenye sarafu. Mzee wetu hakuitaja kabisa, na ndani ya Mufindi hakuna anayeuliza. Tumezoea pia kuandika 6,500/= na kuona tumemaliza. Alama hiyo ni ya zamani: enzi za shilingi na senti, upande wa kushoto wa mkwaju ulikaa shilingi na upande wa kulia senti, kwa hiyo 6/50 ilikuwa shilingi sita na senti hamsini, na kistari kilimaanisha hakuna senti. Ilikuwa na faida nyingine kwenye risiti ya mkono, kwamba ilifunga mlango mtu asiongeze sifuri mwishoni. Lakini shilingi ile ya Afrika Mashariki ilikuwa yetu sote, na nchi zetu zilipotoa shilingi zao, Tanzania ikiwa mwaka 1966, kila mmoja aliondoka na alama ileile. Mkenya anaandika /=, Mganda anaandika /=, sisi tunaandika /=. Ukimwandikia ndugu aliyeko Nairobi kwamba mchango wa kila mmoja ni "sh 15,000/=", unachomwambia ni kwamba mchango ni shilingi 15,000, na shilingi yake moja kwa miaka hii inazidi 15 za kwetu. Kama ni mtu wa kuuliza, atauliza. Kama si mtu wa kuuliza, ataona mna makuu na atanyamaza, na nyie mtabaki kusema fulani siku hizi anaringa.

Herufi tatu zinatosha: TZS kwa shilingi ya Tanzania, KES kwa ya Kenya, UGX kwa ya Uganda. Ni alama za kimataifa ambazo benki zote zinatumia, na uzuri wake ni kwamba herufi mbili za mwanzo ni nchi na ya mwisho ni sarafu. Dola pia andika USD, maana alama ya $ wanayo Wakanada na Waaustralia nao. Weka alama hiyo mbele ya kila kiasi. Ukiandika juu kabisa kwamba "fedha zote ni TZS" halafu chini ukaacha namba tupu, ujue mtu atakata mstari mmoja na kuutuma kwa mwingine, na kichwa cha habari kitabaki nyuma.

Kuna jambo la upande wa Mbeya ambalo vitabu vya biashara haviliandiki, nami naona ndilo linalotuhusu zaidi huku Nyanda za Juu Kusini. Ni herufi K. Vijana wote tunaandika 50k tukimaanisha elfu hamsini. Lakini ukivuka Tunduma uko Zambia, na ukivuka Kasumulu uko Malawi, na nchi zote mbili fedha yao ni kwacha, wanayoiandika K50. Kwa hiyo K inaweza kuwa elfu, kwacha ya Zambia au kwacha ya Malawi, na hizo kwacha mbili hazilingani hata kidogo. Tena Zambia mwaka 2013 walikata sifuri tatu kwenye fedha yao: kwacha 50,000 za zamani zikawa 50 mpya, na alama ya kimataifa ikabadilika kutoka ZMK kwenda ZMW. Ukikuta baruapepe ya zamani kwenye faili za chama yenye "K50,000", alama hiyo ya herufi tatu ndiyo ingekuambia ni kwacha zipi. Bila hiyo unabaki kubahatisha kati ya vitu vinavyotofautiana mara elfu. M nayo haiko salama. Kwenye ujumbe wa mbao, "2.5m" ni milioni mbili na nusu au ni mita mbili na nusu? Andika sifuri zote. Hazina gharama.

Kwa wale wenye wafadhili au marafiki Ulaya, mtego uko kwenye nukta na mkato. Sisi tunatenga maelfu kwa mkato na senti kwa nukta. Mwitaliano, Mjerumani na Mfaransa wanatenga senti kwa mkato, na jirani zetu wa Kongo na Msumbiji wamerithi mkato huo. Akikuandikia kwamba kitabu kimoja kinamgharimu "EUR 2,500" anaweza kuwa anamaanisha euro mbili na nusu. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 2003 ulishindwa kuchagua mmoja, ukasema nukta na mkato zote ruksa kutenga desimali, na makundi ya tarakimu tatutatu yatengwe kwa nafasi tupu: 1 250 000. Ni wazo zuri kwenye kitabu. Kwenye baruapepe ni hatari, kwa sababu simu inaweza kukata mstari katikati ya nafasi hiyo, na msomaji akaona 1 250 huku 000 zikiwa zimeshuka mstari wa chini kama takataka.

Ninachopendekeza ni kuandika sarafu za kigeni na tarakimu mbili za senti siku zote, hata kama senti hazipo: EUR 1,250.00. Kundi la maelfu lazima liwe na tarakimu tatu. Zikiwa mbili baada ya alama ya mwisho, kila mtu duniani anajua hizo ni senti, hivyo alama iliyotangulia lazima iwe ya maelfu. Namba inajieleza yenyewe. Na kama mnabadilisha kwenda TZS, andika kiwango chote na tarehe yake, kwa mfano "EUR 1 = TZS fulani, kiwango cha kununua cha benki yetu cha siku fulani", maana kununua na kuuza ni viwango viwili tofauti. Kwa biashara ya ndani hilo lisikuhangaishe: tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutaja au kulipa bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni.

Tumefika kwenye kipimo. "2x4 ni elfu sita na mia tano." Kitu gani hasa ni elfu sita na mia tano? Mtu wa Mufindi anajua ni kipande kimoja, inchi mbili kwa inchi nne, urefu futi 12. Fundi wa mjini anayenunua kwa futi 10 hajui hilo. Na wakubwa wa misitu wanahesabu kwa mita za ujazo, ambazo kwenye baruapepe zinageuka "m3" kwa sababu ile tatu ndogo ya juu haikai. Andika "25m3 180000" uone inavyosomeka. Mimi naandika "mita za ujazo 25", na kipande naandika "kipande".

Ukiwa na shaka bei ni ya kipande au ya mita ya ujazo, pima kwa hesabu. Inchi 2 kwa inchi 4 kwa futi 12 ni mita 0.0508 mara 0.1016 mara 3.6576, unapata kama 0.0189 ya mita ya ujazo. Yaani mita moja ya ujazo ina vipande karibu 53. Bei ya kipande ikiwa 6,500, mita ya ujazo ni kama 344,500. Bei mbili zinazoachana mara hamsini na tatu hazichanganyiki ukishaziweka pamoja. (Msumeno nao unakula unene, kwa hiyo kipande halisi ni chembamba kuliko jina lake. Hiyo ni mada nyingine.)

Sasa jumla, ambako ndiko hela za watu hupotelea. Neno lenyewe lina sura mbili. "Bei ya jumla" dukani ni ile bei nafuu ya anayenunua vingi, kinyume cha rejareja. Kwenye hesabu ni matokeo ya kujumlisha. Ukimwandikia muuzaji "tuambie bei ya jumla", anaweza kukujibu bei ya kipande kimoja kwa mnunuzi mkubwa, na wewe ukadhani ndiyo yote. Andika "jumla ya mbao", "jumla ya usafiri", "jumla ya yote". Jumla isiyotaja ni ya nini, mimi siihesabu kuwa jumla.

Turudi kwa wale wasomaji watatu. Mwenye ushindi hapo hapatikani kwa kubishana nani anajua Kiswahili. Anapatikana kwa kuzidisha. 60 mara 6,500 ni 390,000. 40 mara 7,000 ni 280,000. Ukijumlisha unapata 670,000 kamili. Kwa hiyo laki sita na sabini ni mbao tupu, usafiri haumo, na msomaji wa kwanza amekosea. Tumeweza kujua kwa sababu mzee alitoa bei ya kipande na idadi pamoja na jumla. Angetoa jumla peke yake, tusingekuwa na pa kushika. Hii ndiyo kazi halisi ya kuandika idadi, bei ya kimoja na jumla kwenye mstari mmoja: vitu vitatu vinalindana, kimoja kikikosewa viwili vinakisema.

Kati ya wa pili na wa tatu, hesabu haisemi kitu. "Nusu" ni nusu ya nini, hilo ni makubaliano, na ni lazima liandikwe.

Kodi ni aina ileile ya swali. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kama muuzaji amesajiliwa na 670,000 haina VAT, mtalipa 790,600. Kama VAT imo tayari, mtalipa 670,000, na ndani yake kodi ni 102,203.39, si 120,600 kama wengi wanavyopata. Kosa hilo linatokana na kuchukua asilimia 18 ya kiasi ambacho tayari kina kodi. Inabidi ugawe kwa 1.18 kwanza. Muuzaji mdogo asiyesajiliwa hatozi VAT, ila nalo liandikwe kwa maneno, kwa sababu ukimya unaweza kumaanisha imo, haimo, au sijaifikiria.

Na "ya kutolea"? Kila Mtanzania anajua maana yake: mwongezee mpokeaji gharama ya wakala ili abaki na kiasi kamili mkononi. Lakini kwa mtunza hazina ni kiasi kingine kisicho na namba. Usikiandike kama sehemu ya bei. Andika kiasi kitakachofika mkononi, kisha nani anabeba gharama za njiani.

Huwezi kumfundisha mzee kuandika upya, na wala si adabu. Unachoweza ni kumjibu kwa kumwandikia ulivyomwelewa. Barua ya kuthibitisha ndiyo inayobeba makubaliano, na hiyo unaiandika wewe. Ya kikundi kile ingekaa hivi:

Kichwa: Oda ya mbao, jumla ya yote TZS 750,000

Shikamoo mzee,

Tumepokea baruapepe yako ya Jumatatu, asante. Tumeielewa hivi:

Mbao inchi 2 kwa inchi 4, futi 12: vipande 60, kila kipande TZS 6,500 = TZS 390,000

Mbao inchi 1 kwa inchi 8, futi 12: vipande 40, kila kipande TZS 7,000 = TZS 280,000

Jumla ya mbao: TZS 670,000

Usafiri, Mgololo hadi Mafinga, safari moja: TZS 80,000

Jumla ya yote, mbao na usafiri: TZS 750,000 (shilingi za Tanzania laki saba na elfu hamsini)

VAT: hakuna, haitaongezwa.

Tunatuma sasa nusu ya jumla ya yote: TZS 375,000 ikufikie kamili. Gharama za kutuma na kutolea ni zetu.

Baki tutakalolipa mzigo ukishafika Mafinga: TZS 375,000

Hela hatujaituma bado. Tunaomba utujibu kama mistari hii ni sawa, au ni mstari gani tuurekebishe.

Utaona nimeandika kila mstari kama sentensi fupi, sikuchora jedwali. Jedwali lililonakiliwa kutoka Excel linapendeza kwenye kompyuta, ila kwenye simu ndogo safu zinaporomoka na bei ya mbao inakwenda kukaa kando ya usafiri. Mstari wenye kila kitu chake ndani hauwezi kuporomoka. Kitu kingine, malipo mawili ya mwisho yakijumlishwa lazima yarudi 750,000. Yasiporudi, kuna kosa juu yake, na utaliona kabla muuzaji hajaliona.

Mwombe akujibu kwa kutaja kiasi, si kwa "sawa" tupu. "Sawa" ya mtu aliyesoma haraka haina tofauti na ya aliyesoma vizuri. Akijibu "sawa, nasubiri laki tatu na sabini na tano", unajua mko ukurasa mmoja, ingawa kaimeza elfu yake kama kawaida. Akijibu "nasubiri laki tatu na thelathini na tano", umegundua tatizo kabla hela haijatoka.

Bei ikibadilika katikati, na kwenye mbao hubadilika, usiandike "ongezeni elfu kumi". Elfu kumi juu ya kipi? Kwa kipande, kwa jumla, kwa usafiri? Na kama kuna barua tatu zenye "ongezeni", hakuna anayejua ya pili ilihesabiwa au la. Andika orodha nzima upya na juu yake uweke: "Hii inafuta ile ya tarehe 12 Mei 2025." Badilisha na kichwa cha barua pia, maana mzungumzo ukijibiwa mara sita unaendelea kubeba 750,000 juu wakati ndani mmeshafika 790,000, na mtu mwenye haraka anasoma kichwa tu na kwenda kwa wakala.